Maili za ndege na pointi za kadi: lini zinapunguza nauli, na lini zinakula pesa zako

Hakuna kijiji kati ya Kikoneni, Lunga Lunga na Msambweni kisichokuwa na kijana aliyeko Ughaibuni. Huyu yuko Doha analinda mlango, yule yuko Dubai anaendesha gari la mizigo, dada yake yuko Jeddah kwa kazi ya nyumbani. Wakipata likizo wanapanda ndege kuja, likizo ikiisha wanapanda kurudi. Ongeza wazee wanaokwenda Umra kila mwaka, utaona kwamba watu wa Kwale wanasafiri kwa ndege zaidi kuliko tunavyodhani. Na karibu wote hawa hushuka ndege wakiwa wameacha kitu chao kwenye kiti, nacho ni maili.

Makala haya ni ya kueleza maili hizo ni nini, unazichukua vipi, zina thamani ya shilingi ngapi, na ni wakati gani uzifuate au uachane nazo. Nitasema pia juu ya kadi za mkopo zinazotoa pointi, kwa sababu vijana wengi wameanza kuziulizia. Nitangulize jawabu kabla ya maelezo: maili za safari unayosafiri kwa vyovyote ni za bure, zichukue. Maili za kukufanya ulipe zaidi, au ukope, mara nyingi ni hasara.

Maili ni kama Bonga, ila mwenye kiti ndiye mwenyewe

Kila mwenye laini ya Safaricom anajua pointi za Bonga. Unatumia shilingi kumi za muda wa maongezi, unapewa pointi moja, na zikijaa unabadilisha kwa kitu. Mashirika ya ndege yana mpango wa namna hiyo hiyo. Ukiruka nao wanakuandikia maili katika daftari lako, na zikifika kiasi fulani wanakupa tikiti, au wanakupandisha daraja, au wanakuongezea mizigo.

Kila shirika lina daftari lake na jina lake. Qatar Airways, ambayo inatua Mombasa tangu Disemba 2018, ina mpango unaoitwa Privilege Club, na maili zake zinaitwa Avios. Flydubai, iliyoanza kuja Mombasa Januari 2024, inatumia mpango wa Emirates unaoitwa Skywards. Ethiopian Airlines, inayotupitisha Addis Ababa, ina ShebaMiles. Saudia ina Alfursan. Kenya Airways zamani ilihesabu maili zake katika mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM, baadaye ikaanzisha wake, Asante Rewards. Maili za daftari moja haziingii katika jingine, isipokuwa pale mashirika yalipokubaliana.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linalowakosesha haki yao. Maili ni za abiria aliyekaa kwenye kiti, si za aliyelipa nauli. Kampuni ya Doha ikikukatia tikiti ya likizo, maili ni zako. Wakala wa Mombasa akikukatia, ni zako. Mwanao akikulipia Umra, ni zako wewe mzee, si zake. Aliyelipa hana dai lolote hapo. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kwa kuwa tikiti ni ya mwajiri basi hupati kitu.

Kujiandikisha: mambo manne ya kuangalia

Kujiunga ni bure na kunafanyika kwa simu, katika ukurasa wa shirika lenyewe. Unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, simu na barua pepe, unapewa namba ya uanachama. Kazi inakwisha kwa dakika kumi. Lakini kuna mambo manne yakikosewa maili haziingii, au zinaingia kwa mwingine.

La kwanza ni jina. Sisi majina yetu ni marefu. Mtu kitambulisho chake kina Bakari Omari Mwachiti, mtaani anaitwa Beka, na kwenye Fesibuku ana jina jingine kabisa. Jina la daftari la maili lazima liwe lile la pasipoti, kwa herufi zile zile. Mashine ndiyo inayolinganisha, haina habari kwamba Bakari na Abubakar ni mtu mmoja. Wakitofautiana, maili hazihesabiwi.

La pili ni simu na barua pepe. Wakala akikwambia, "Usijali ndugu yangu, nitakufungulia mimi," mshukuru, kisha ufungue mwenyewe. Daftari likifunguliwa kwa barua pepe ya mtu mwingine, nywila iko kwake, na maili zikijaa anaweza kumkatia tikiti amtakaye wewe usijue. Hilo ni sawa na kumwachia mtu laini yako ya M-Pesa pamoja na namba ya siri.

La tatu ni kuiweka namba hiyo kwenye tikiti kabla ya safari. Ukikatiwa tikiti, mwambie wakala: "Dada, naomba uniwekee namba yangu ya uanachama." Ukishapewa tikiti, angalia sehemu iliyoandikwa Frequent Flyer, au wakati mwingine FQTV, uone namba yako ipo. Kama haipo, muulize mtu wa kaunta uwanja wa ndege aiweke kabla hajakuchapia karatasi ya kupandia. Bado hujachelewa hapo.

La nne ni aina ya tikiti yenyewe. Ndani ya daraja moja la kawaida kuna bei nyingi, na kila bei ina herufi yake. Tikiti ghali huandikiwa maili zote za umbali, ya rahisi huandikiwa robo au nusu, na nyingine hazipati kitu. Hapa ndipo mahujaji na watu wa Umra wanapopotelea. Misafara ya Umra mara nyingi hununuliwa kwa bei ya kundi, na tikiti za kundi aghalabu hazina maili hata kidogo. Si wizi wa wakala, ndivyo bei hiyo ilivyouzwa. Lakini ni haki yako kumuuliza kabla ya kulipa: "Tikiti hii ina maili au haina?" Akisema haina na bei yake ni nafuu, ichukue na usifikirie tena habari ya maili.

Baada ya safari ngoja siku kama kumi, kisha ufungue daftari uangalie. Kama maili hazijaingia, kuna sehemu ya kudai. Utatakiwa namba ya tikiti na karatasi ya kupandia ndege, kwa hiyo usiitupe karatasi hiyo pale Moi uwanjani. Ipige picha. Dai mapema, kwa sababu kila shirika lina muda wake wa mwisho, na ukipita hakuna wa kukusikiliza.

Kibaba chenye tundu

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikiwa na tundu hakijai, na tundu la maili ni muda wa kuisha. Kabla hujachagua daftari gani ulijali, uliza swali hili kwanza, kwa sababu kwa msafiri wa mara moja kwa mwaka ni zito kuliko idadi ya maili anazopewa.

Kuna namna mbili. Namna ya kwanza ni maili zinazokufa kwa umri wake. Skywards ni hivyo: maili huishi kama miaka mitatu, kisha hufutwa mwisho wa mwezi uliozaliwa, hata kama bado unasafiri. Namna ya pili ni maili zinazokufa kwa kulala. Avios za Qatar ni hivyo: ukizipata au kuzitumia hata kidogo ndani ya miezi 36, zote zinaendelea kuishi. Ukikaa miezi 36 bila kitu kuingia wala kutoka, zinafutwa zote kwa pamoja.

Tuchukue mfano tuone tofauti. Tumwite Bakari, mlinzi wa Doha, kwao Kikoneni. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Kutoka Doha hadi Mombasa ni kama maili 2,180 za angani, kwenda na kurudi ni 4,360. Tuseme tikiti anayokatiwa na kampuni ni ile inayopata nusu ya umbali. Basi kila mwaka anaandikiwa maili 2,180. Na tuseme tikiti ya maili ya upande mmoja, Doha kuja Mombasa, inataka maili 17,500. Hesabu hizi nimezichagua ili mfano ueleweke. Ya kwako utaiona katika daftari lako, na hubadilika.

Bakari peke yake atahitaji safari tisa, yaani miaka tisa, kupata tikiti ya upande mmoja. Kama maili zake zinakufa kwa umri wa miaka mitatu, hafiki abadan. Wakati wowote atakaofungua daftari, zilizo hai ni za safari tatu au nne tu, hazizidi 8,720. Kila mpya zikiingia, za zamani zinatoka kwenye tundu. Angeweza kusafiri miaka thelathini na asipate tikiti moja. Kama maili zake zinakufa kwa kulala tu, hazipotei, kwa sababu kila mwaka anasafiri, lakini miaka tisa ni mingi.

Dawa ya hili ni kuchanga pamoja. Skywards inaruhusu familia hadi watu wanane kuweka maili zao katika chungu kimoja. Qatar nayo ina mpango wa familia. Sasa mtazame Bakari tena. Ana mdogo wake hapo hapo Doha, naye anakuja mara moja kwa mwaka. Wawili hao wanaingiza 4,360 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 13,080. Mama yao akaenda Umra kwa tikiti yake mwenyewe, si ya kundi, kupitia Doha hadi Jeddah na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Safari yake ni kama maili 6,000, na nusu yake ni 3,000. Sasa wana 16,080. Mwaka wa nne wakisafiri tena wamevuka 17,500 na zimebaki. Kilichokuwa cha miaka tisa kimekuwa cha miaka minne, na hakuna aliyelipa shilingi moja ya ziada. Tofauti ni kwamba mama naye aliandikishwa, na chungu kilikuwa kimoja.

Maili moja ni shilingi ngapi?

Watu hufurahi kusikia tikiti ya bure. Tikiti ya maili si ya bure. Maili hulipa nauli, lakini kodi na ada za viwanja unalipa mwenyewe kwa pesa, na mashirika mengine huongeza ada zao juu yake. Kwa hiyo kabla ya kuzitumia fanya hesabu hii, ambayo haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu.

Angalia bei ya tikiti hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, kwa pesa taslimu. Toa kodi na ada utakazolipa ukitumia maili. Kinachobaki ukigawe kwa idadi ya maili zinazotakiwa. Jawabu ni thamani ya maili moja kwa shilingi.

Tuseme Bakari anataka kuja Disemba, skuli zimefungwa na ndege zimejaa. Tikiti ya upande mmoja ni shilingi 40,000. Kwa maili ni 17,500 na kodi shilingi 12,000. Arubaini elfu toa kumi na mbili elfu ni 28,000. Gawa kwa 17,500, unapata shilingi 1.60 kwa kila maili. Hiyo ni thamani nzuri.

Sasa tuseme anakuja Mei, hakuna watu, shirika limetoa bei ya ofa, shilingi 24,000. Maili zinazotakiwa ni zile zile 17,500 na kodi ile ile 12,000. Toa, unabaki na 12,000, gawa kwa 17,500, haifiki hata senti 70. Mtu anayetumia maili Mei ametupa zaidi ya nusu ya alichokusanya kwa miaka minne. Mwezi huo alipe pesa, maili azibakishe.

Kwa hiyo maili ni silaha ya msimu wa bei kali: Disemba, likizo za skuli, na siku za kukaribia Idi. Tatizo ni kwamba mashirika nayo yanalijua hilo. Viti vya maili katika kila ndege ni vichache, na msimu wa kilele ndivyo vya kwanza kuisha. Anayengoja Novemba kutafuta kiti cha Disemba atakuta hakuna, au kipo kwa maili mara mbili. Mashirika mengi hufungua viti karibu miezi kumi na moja kabla ya safari. Mwenye uhakika wa tarehe za likizo yake aanze kutafuta hapo. Na asiye na uhakika, kwa sababu mwajiri huamua dakika ya mwisho, ajue mapema kwamba kwake maili zitakuwa na thamani ya Mei, si ya Disemba.

Jambo jingine: tikiti ya maili si lazima uikalie mwenyewe. Mara nyingi unaweza kumkatia jamaa yako. Mwenye likizo anayekatiwa na kampuni hana haja ya tikiti ya maili, lakini mkewe au mama yake aliyeko Kikoneni ana haja nayo.

Lini uziache

Hesabu ile ile ndiyo inayokuonya. Safari nzima ya Bakari inampa maili 2,180. Kwa thamani nzuri ya shilingi 1.60, hiyo ni kama shilingi 3,490. Basi hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ya uaminifu wake kwa shirika hilo. Shirika jingine likiwa rahisi kwa shilingi 8,000, apande hilo jingine bila kuangalia nyuma. Kukataa 8,000 za mkononi kwa ajili ya 3,490 zitakazokuja baada ya miaka minne si akili ya biashara.

Maili hutumika kama mizani pale tu bei zinapokaribiana. Mfano wetu wa kila siku ni huu: uondokee Mombasa au Nairobi? Tikiti za kutoka Nairobi mara nyingi ni rahisi, kwa kuwa mashirika ni mengi. Tuseme Nairobi imepungua kwa shilingi 9,000 kwenda na kurudi. Mtu wa Kikoneni akiifuata, ana matatu ya kuvuka Likoni au kuzunguka Dongo Kundu hadi stesheni ya Miritini, ana treni ya shilingi 1,500 kila upande, ana usafiri wa kutoka Syokimau hadi uwanjani, chakula, na pengine usiku mmoja wa kulala. Yote ikifika 6,000, faida halisi ni 3,000. Sasa kama ndege ya Mombasa ndiyo inayokupa maili za 3,490 na ile ya Nairobi haiingii katika daftari lako, Mombasa inashinda, na umelala kwako. Lakini tofauti ya bei ikiwa 15,000, Nairobi inashinda na maili hazina neno.

Pia kuna msafiri ambaye asijisumbue kabisa zaidi ya kujiandikisha. Ni yule anayekwenda safari moja ya Umra katika miaka kumi na hana jamaa mwenye daftari la kuchangia. Maili zake zitakufa kabla ya kufaa. Yeye atafute bei ya chini basi.

Kadi za mkopo: hesabu na riba

Sasa tuje kwa kadi. Benki nyingi Nairobi na Mombasa hutoa kadi za mkopo, na nyingine hutoa pointi kwa kila shilingi unayotumia, pointi ambazo hubadilishwa kwa maili au zawadi. Vijana wanaona Wamarekani kwenye Yutubu wakiruka duniani kwa pointi za kadi na wanauliza kwa nini sisi tusifanye.

Kule kadi moja humpa mteja mpya maili elfu hamsini au zaidi za kumkaribisha. Kwetu hakuna ukarimu wa namna hiyo, kwa hiyo unabaki na maili za matumizi tu. Tuseme kadi inatoa maili moja kwa kila shilingi 100, na ada yake ni 5,000 kwa mwaka. Ili upate zile 17,500 unatakiwa utumie shilingi 1,750,000 kupitia kadi. Nani Kikoneni anapitisha hizo? Duka la mtaani linataka Lipa na M-Pesa, karo ya skuli inalipwa kwa paybill, na muuza samaki wa Shimoni hana mashine ya kadi. Ukitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, au ukiihamishia M-Pesa, kwa kawaida hupati pointi, na unakatwa ada juu yake.

Anayeweza kufaidika ni mfanyabiashara, tuseme mwenye nyumba za wageni Diani, anayelipa vifaa, tikiti na mitandao ya wateja kwa kadi, shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000, anapata maili 18,000. Kwa 1.60 ni shilingi 28,800, toa ada 5,000, anabaki na 23,800. Ni kitu. Lakini wauzaji wake wakimwongezea asilimia 3 kwa kulipa kwa kadi, hiyo ni 54,000 kwa mwaka, na faida yote imegeuka hasara. Kwa hiyo apitishe kadi pale tu ambapo bei ya kadi na ya pesa ni moja.

Kisha kuna riba, nayo ndiyo inayomaliza mchezo. Umetumia 100,000 kwa kadi, umepata maili 1,000 zenye thamani ya shilingi 1,600. Mwisho wa mwezi hukulipa deni lote. Riba ikiwa asilimia 3.5 kwa mwezi, umekatwa 3,500. Mwezi mmoja tu wa kuchelewa umekula maili zote na nyingine zaidi yake. Pointi za kadi zimetengenezwa kwa hesabu hiyo: wachache wanaolipa kwa wakati husafiri, na wengi wanaochelewa huwalipia.

Na kwetu sisi Waislamu kuna swali kabla ya hesabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, azimio namba 108, lilisema kwamba haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa kabla ya muda. Kadi inayokata pesa zako mwenyewe zilizomo katika akaunti haimo katika katazo hilo. Mwenye nia ya kuchukua kadi asome mkataba wake kipengele cha kuchelewa, aende nao kwa sheikh anayemwamini, ndipo atie saini. Si jambo la kuulizia baada ya deni kuingia.

Kwa walioko Ghuba, mlango wa kadi mara nyingi umefungwa kwa mshahara. Kanuni ya Benki Kuu ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2011 iliweka kipato kisichopungua dirham 60,000 kwa mwaka kwa mwenye kadi ya mkopo, yaani 5,000 kwa mwezi. Mlinzi au mfanyakazi wa ndani hafiki hapo. Akitokea mtu wa kumwambia atampatia kadi kwa njia nyingine, ajihadhari. Kule deni la kadi laweza kumfungia mtu safari, na kijana akazuiwa uwanjani siku ya kurudi kwao.

Kununua na kuuza maili

Mashirika pia huuza maili. Skywards, kwa mfano, imekuwa ikiuza maili elfu moja kwa takriban dola 30, ambazo ni karibu shilingi 3,900. Hiyo ni shilingi 3.90 kwa maili ambayo tumeona thamani yake nzuri ni 1.60. Kununua kuna maana pale tu unapopungukiwa na kidogo: una 17,000, inatakiwa 17,500, na tikiti ya Disemba ni ya pesa nyingi. Zaidi ya hapo ni kununua shilingi moja kwa shilingi mbili.

Kuuza maili zako kwa mtu mwingine ni marufuku katika mipango hii, na shirika likigundua hufunga daftari na kufuta tikiti. Kwa hiyo ukiona mtu kwenye Fesibuku au Watsapu anauza tikiti ya Doha au Jeddah kwa nusu ya bei, jua kwamba inaweza kuwa imekatwa kwa maili za kununuliwa au za kuibiwa. Utafika kaunta na mizigo yako uambiwe tikiti imefutwa, na aliyekuuzia simu yake imezimwa.

Na usizihesabu maili kama akiba ya benki. Ni ahadi ya kampuni, na kampuni hubadilisha ahadi zake. Qatar ilibadilisha maili zake za zamani kuwa Avios mwaka 2022. Safaricom mwaka huo huo ilitangaza kwamba pointi za Bonga zenye umri wa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa, kabla ya kusitisha uamuzi huo watu walipolalamika. Bei ya tikiti kwa maili inaweza kupanda bila ilani ndefu. Maili zikifika za kutosha na safari yenye thamani ikitokea, zitumie. Kuzirundika ili zizae ni bure, kwa sababu hazizai.

Basi mwenye jamaa Ughaibuni afanye kazi moja wiki hii. Ampigie simu amuulize anapanda ndege gani, ana namba ya uanachama au hana, na tikiti yake ya mwisho aliikata lini. Kama safari ni ya juzijuzi na karatasi ya kupandia bado anayo, adai maili zake sasa hivi kabla muda haujafungwa.